Kifungo ndani ya kiatu

(Hotuba ya muuguzi wa kliniki ya kisukari kwa wanakikundi wenye kisukari na familia zao. Imeandikwa baadaye kutokana na maneno aliyoyasema.)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Mwenyekiti ameniambia nisizungumze kwa zaidi ya muda wa saa moja, maana wapo waliodunga sindano asubuhi na wanatakiwa kula saa nne. Sitaki sukari ya mtu ishuke hapa kwa ajili ya maneno yangu. Ukianza kutetemeka au ukaona jasho linakutoka bila sababu, nyoosha mkono tu. Soda ipo pale nyuma, ile yenye sukari.

Nimeombwa kuzungumzia miguu. Mambo ya miguu ni mengi, na nikiyagusa yote mtaondoka na kichwa kizito. Leo nachukua moja: kidonda kidogo, kile ambacho mtu anakitazama na kusema kitapona chenyewe. Kwa nini kwa mtu mwenye kisukari kidonda hicho kinaweza kumlaza hospitali kabla wiki haijaisha?

Nitawaeleza habari za mzee mmoja fundi cherehani. Jina lake silitaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza asitambulike. Ana miaka 61 na kisukari anakwenda nacho mwaka wa 14. Jumamosi moja alikuwa na harusi ya mtoto wa kaka yake. Akachukua viatu vyake vya ngozi, vile vya kutokea, vilivyokuwa vimekaa chini ya meza ya kazi tangu Idi. Ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na kifungo cha shati kilichodondoka kutoka mezani. Akavaa, akaenda, akasimama kupokea wageni, akacheza na bibi harusi, akarudi nyumbani saa tano za usiku. Muda wote huo kifungo kilikuwa chini ya unyayo, pale penye nyama nene nyuma ya dole gumba. Alipovua kiatu kifungo kikaanguka sakafuni. Akakiokota, akakirudisha kwenye kopo la vifungo, akalala.

Jumapili asubuhi mkewe anafua, akaona soksi ina doa la majimaji. Ndipo mzee akautazama unyayo. Lengelenge limepasuka, ngozi imechubuka upana wa ukucha wa kidole kidogo. Haliumi. Akaenda duka la dawa, akanunua kapsuli mbili zile za rangi mbili, akazifungua, akamwagia unga wake kwenye kidonda na kufunga kitambaa. Jumatatu akarudi kwenye cherehani, anakanyaga kwa mguu uleule.

Jumanne alipima sukari kabla ya kula. Yeye huamka na 9 au 10. Siku hiyo ilikuwa 19. Akasema ni pilau la harusi. Jumatano ukanda wa ndara ukaacha mfereji juu ya mguu, maana mguu ulikuwa umejaa. Homa hana, anakula vizuri, anatania watu dukani. Alhamisi usiku mkewe akasikia harufu chumbani, akadhani panya amefia chini ya kabati. Ijumaa asubuhi walipofika kwetu, kidole cha pili kilikuwa cheusi, na nilipobonyeza katikati ya unyayo, usaha ulitokea kule mbele kwenye kidonda.

Alipelekwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Unyayo ulipofunguliwa, usaha ulikuwa umeshatembea kutoka chini ya dole gumba mpaka karibu na kisigino. Alipoteza dole gumba na kidole cha pili. Mguu ulibaki, na kidonda kilichukua miezi mitano kufunga. Kutoka kifungo hadi chumba cha upasuaji zilikuwa siku sita tu, Jumamosi hadi Ijumaa.

Sasa tumfuate polepole, maana kila siku yake ina funzo lake.

Tuanze na ile Jumamosi. Mtu anawezaje kucheza harusi nzima akiwa amekanyaga kifungo? Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni mwa miguu. Wengine huanza kwa kuhisi kuwaka moto usiku, au sindano, au kama sisimizi wanatembea. Wengine hawapati dalili hizo. Ganzi inaingia taratibu na mtu hajui kwamba amepoteza kitu, kwa sababu kitu chenyewe kilichopotea ndicho ambacho kingemjulisha. Wagonjwa wetu wengi ukiwauliza kama miguu ina ganzi wanakataa kabisa, halafu ukiwagusa vidole wamefumba macho hawajibu lolote.

Mishipa hiyohiyo ina kazi nyingine mbili. Ipo inayoendesha jasho la miguu. Ikifa, ngozi inakauka na kupasuka, hasa kisiginoni, na kila ufa ni mlango wa vijidudu. Ipo pia inayoendesha misuli midogo inayonyoosha vidole. Ikilegea, vidole vinajikunja, na uzito wa mwili unahamia sehemu ambazo hazikuumbwa kuubeba. Hapo panaota sugu, na chini ya sugu ngozi inapondeka kidogokidogo bila mwenyewe kujua.

Mkidhani nimewachagulia kisa cha ajabu, nitawapa kingine kilichoandikwa kabisa. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Tunasema panya huuma na kupuliza. Kwa mguu wenye ganzi hana hata haja ya kupuliza. Mtu anaamka asubuhi anakuta damu kwenye shuka, na alama za meno kidoleni. Kwa hiyo mkiniona nauliza habari za panya kliniki msidhani naingilia mambo ya nyumba zenu. Ziba matundu, usiache chakula chumbani, na lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Jumapili sasa. Kidonda kipo, ni kidogo, hakiumi. Kwa mtu asiye na kisukari, vijidudu vikiingia mahali kama pale, chembe nyeupe za damu zinafika haraka, zinavimeza, na kazi inaisha. Sukari ikiwa juu, chembe hizo zinachelewa kufika, na zikifika zinameza kivivu. Mishipa ya damu nayo kwa wengine imekuwa myembamba, kwa hiyo askari wachache, oksijeni kidogo, na hata dawa utakayomeza inafika kidogo. Vijidudu vinapata siku moja au mbili za kuzaana bila kusumbuliwa.

Halafu kuna umbo la mguu wenyewe, na hili watu wengi hawalijui. Chini ya unyayo kuna utando mgumu sana, na juu ya utando huo mguu umegawanyika vyumba vilivyofungwa. Ndani ya vyumba zinapita kano zinazokunja vidole, na kila kano ina ala yake, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya ganda lake. Usaha ukiingia katika ala ya kano ya kidole unakuta njia imeshachongwa, laini, moja kwa moja kuelekea katikati ya unyayo. Haupati upinzani. Kutoka nje ya chini huuoni, kwa sababu ule utando mgumu na ngozi nene ya unyayo vinauzuia. Kwa hiyo kidonda kwa nje kinabaki kilekile, upana wa ukucha, na ndani moto umeshafika nusu ya mguu. Ndiyo maana nikawaambia nilibonyeza katikati, usaha ukatoka mbele.

Fundi wetu Jumatatu alikuwa anakanyaga cherehani. Kila ukikanyaga unabana vile vyumba, na usaha unasukumwa mbele zaidi. Maumivu yangemfanya achechemee, na kuchechemea kungemkinga. Yeye hakuwa na maumivu, akafanya kazi siku nzima.

Na kile kidole cheusi? Ndugu wengi wakikiona wanasema damu haifiki mguuni, basi mguu wote umekwisha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa fundi huyu mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo tuliyasikia vizuri. Kilichotokea ni kwamba kila kidole kinalishwa na mishipa midogo tu inayopita pembeni. Uvimbe na vijidudu vikiishambulia, damu inagandia humohumo na kidole kinakufa. Hapo tunakuwa na kidole kilichokufa juu ya mguu ambao bado una damu, na ukifika mapema anapoteza kidole, mguu unabaki. Wapo wanaokimbia hospitali wakisikia neno kukatwa. Anakataa kukatwa kidole Jumanne, anarudi Jumatatu ya pili, mazungumzo sasa ni ya chini ya goti. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Turudi kwenye ule unga wa kapsuli, maana najua hata hapa ukumbini upo katika mikoba. Unga ule ukikutana na majimaji unafanya gaga gumu juu ya kidonda. Mwenyewe anafurahi, anasema kimekauka. Kimefunikwa tu, na usaha uliokuwa unatoka nje sasa umezibiwa mlango. Dawa yenyewe haipenyi kwenda kwenye kano. Vivyo hivyo dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, maji ya betri. Na kuloweka mguu katika maji ya moto ya chumvi, jambo ambalo bibi zetu walitufundisha kwa nia njema, kwa mguu wenye ganzi ni hatari mara mbili: unaungua bila kujua, na ngozi inalainika na kuachia.

Jumanne: sukari 19. Hii naomba muishike, kwa sababu kwa watu wetu wengi ndiyo dalili ya kwanza kabisa. Mwili ukiwa na maambukizi unatoa homoni za kupambana, na homoni hizo zinapandisha sukari. Sukari ikipanda chembe nyeupe zinazidi kuzubaa, maambukizi yanakua, sukari inapanda tena. Ukiona sukari imeruka bila sababu, nawe dawa umemeza na chakula ni kilekile, kabla ya kulaumu pilau vua soksi utazame miguu.

Na homa msiisubiri. Fundi hakuwa nayo. Wagonjwa wengi wenye maambukizi makubwa ya mguu hufika bila homa, na hata kipimo cha damu cha chembe nyeupe kinaweza kurudi kikiwa cha kawaida. Homa ikipanda kupita 38, au mwili ukipoa chini ya 36, moyo ukienda mbio zaidi ya mapigo 90 kwa dakika, mtu akihema haraka au akianza kuchanganyikiwa, huenda sumu imeshaingia mwilini na hapo ni dharura ya kuokoa maisha, mguu unakuwa jambo la pili.

Sasa, dalili za mapema. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, vinasema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu haujitokezi hivyo. Unachoona ni ngozi iliyozidi weusi kuzunguka kidonda, au yenye rangi ya zambarau, inayong'aa na kukaza kwa sababu imejaa, na mikunjo ya kawaida imepotea. Kwa hiyo tumia mkono zaidi. Weka mgongo wa kiganja kwenye mguu mmoja, kisha mahali palepale kwenye mguu wa pili. Mgongo wa kiganja unahisi joto vizuri kuliko vidole vilivyozoea jiko. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, kuna kitu, hata kama hakuna kidonda kinachoonekana. Mguu uliovimba na kuwa wa moto bila kidonda unaweza kuwa mifupa inayovunjika kimyakimya kwa sababu ya ganzi, nao unatakiwa uonwe siku hiyohiyo na usikanyagiwe.

Wahudumu wa afya tunapima upana wa ile ngozi iliyobadilika kuzunguka kidonda. Ikiwa haijafika sentimita 2 kutoka ukingoni, na kidonda ni cha juujuu, mara nyingi mtu anatibiwa kwa vidonge anarudi nyumbani. Ikifika sentimita 2 au kuzidi, au kidonda kimezama kwenye kano au mfupa, habari ni nyingine. Nyumbani unaweza kuchukua peni ukachora mstari kwenye mpaka wa uvimbe na kuandika saa. Usichore ili ukae kusubiri. Chora wakati unajiandaa kuondoka, ili daktari aone katika saa mbili tatu za njiani mpaka umesogea wapi.

Basi fundi angefanya nini ile Jumapili? Angeosha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida, akakausha kwa kugusagusa bila kusugua, akafunika kwa shashi safi, kavu. Angeacha kukanyagia mguu ule: kukaa, kuazima gongo, kumwachia kijana wake cherehani. Dawa zake za kisukari angeendelea nazo vilevile. Na angekuja kituoni siku hiyo, au ikishindikana sana kesho yake asubuhi. Sisi tungesafisha, tungekata ngozi iliyokufa, tungeangalia chanjo yake ya pepopunda, na tungechokoa taratibu kwa kijiti cha chuma kuona kama kinagusa mfupa. Nadhani angerudi nyumbani na vidole vyake vyote kumi.

Na ukija mapema hivyo, daktari akikuambia kidonda hakina maambukizi na asikupe antibayotiki, usinung'unike kwamba umetoka mikono mitupu. Kidonda safi kinahitaji kusafishwa, kufunikwa na kupumzishwa uzito, antibayotiki haikiponeshi. Ila akikupa, maliza dozi. Kapsuli mbili tatu za dukani zinaua vijidudu dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu.

Niseme sasa habari ya kujikagua, maana hii ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwenu. Maumivu yamekwenda likizo, kwa hiyo macho na mikono vishike zamu yake. Kila siku. Mimi napendekeza jioni baada ya kuoga, kwa sababu jeraha la mchana wa leo litakuwa lipo tayari, na unalipata likiwa na saa chache tu.

Kaa kwenye kiti mahali penye mwanga wa kutosha. Taa ya chumbani ikiwa hafifu tumia tochi ya simu. Anza juu ya mguu, kisha pembeni, kisha vidole kimoja kimoja. Tenganisha kila kidole na mwenzake utazame katikati kabisa, hasa kati ya kile cha nne na cha mwisho. Hapo ndipo maji hukaa. Waislamu wenzangu, tunatia udhu mara tano, na baada ya udhu wengi wetu tunatia mguu kwenye kandambili ukiwa umelowa. Ngozi inageuka nyeupe, inanyonyoka, fangasi inaingia, na kile kiufa kidogo kinakuwa mlango. Beba kitaulo kidogo mfukoni ukaushe katikati ya vidole. Mafuta paka mguu mzima, kisigino usikisahau, lakini katikati ya vidole usipake.

Kisha geuza unyayo. Hapa wazee wengi wananiambia, mwanangu, goti halikunji, na tumbo nalo. Weka kioo sakafuni upitishe mguu juu yake. Au mwambie mjukuu apige picha ya unyayo kwa simu, muikuze pamoja mtazame. Picha ina faida nyingine, kesho unalinganisha na ya leo. Kama macho yenyewe yameguswa na kisukari, usijidanganye kwamba unaona. Mpe kazi hiyo mtu wa nyumbani. Mke wa fundi aliona doa kwenye soksi kabla ya fundi kuona kidonda, na aliliona kwa sababu soksi zilikuwa nyeupe. Vaeni soksi za rangi nyepesi, zisizobana juu.

Kwenye unyayo tafuta lengelenge, mchubuko, ufa, mwiba, na sugu. Sugu yenye doa jeusi au jekundu katikati ni damu iliyovuja chini yake, na chini ya damu hiyo mara nyingi kidonda kimeshaanza. Usiikwangue kwa wembe. Tafadhali sana, usiikwangue kwa wembe. Nusu milimita ya wembe kwa mtu asiyehisi inatosha kutuletea kazi ya miezi. Njoo tuipunguze sisi. Kucha zikate moja kwa moja, usizungushe pembeni kuchimba.

Maliza kwa mgongo wa kiganja, mguu huu na huu, joto likoje. Zoezi lote ni dakika tatu nne.

Asubuhi kuna jambo moja tu: viatu. Kiinamishe kiatu ukikung'ute, kisha ingiza mkono mpaka mwisho upapase ndani. Tafuta msumari uliochomoza, bitana iliyojikunja, jiwe, kifungo. Na usitembee peku, hata ndani, hata kutoka kitandani mpaka chooni. Kandambili zinazokaa kwa kamba ya kati ya vidole si kiatu cha mtu mwenye ganzi: zinachubua palepale, na zikichomoka njiani mtu hajui mpaka amefika. Sandali yenye ukanda wa nyuma na soli ngumu inatosha, haihitaji kuwa ya bei.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi kabla ya chai tufanye kitu kimoja kwa vitendo. Kuna kipimo kilichotolewa mwaka 2011 na Daktari Gerry Rayman na wenzake katika mji wa Ipswich, Uingereza. Hakihitaji kifaa, ni kidole tu. Vueni viatu na soksi, kaeni wawili wawili. Anayepimwa afumbe macho. Anayepima aguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili: mguu wa kulia dole gumba, kidole cha kati, kidole cha mwisho. Kisha wa kushoto vilevile. Ni sehemu sita. Usibonyeze, usitekenye, usipapase, na asipojibu usirudie. Anayepimwa akihisi aseme kulia au kushoto, basi.

Wanaopima, hesabuni mliyogusa na hakusema kitu. Zikiwa mbili au zaidi, miguu hiyo ina hatari, na mwenye miguu hiyo asiondoke bila kupita kwenye meza yangu pale karibu na mlango ili nimwandikie tarehe ya kliniki ya miguu. Tuanze na safu ya mbele. Bibi, fumba macho kabisa, usichungulie.